Mtulinga uliovunjika: kuusogeza mkono ni jambo moja, kubeba mzigo ni jambo lingine

Jina la mgonjwa, soko lake na vituo alikotibiwa vimeondolewa. Mambo ambayo hayagusi matibabu yamebadilishwa kidogo ili asitambulike. Naandika kama mtaalamu wa fiziotherapia aliyemhudumia kuanzia wiki ya pili.

## Mgonjwa na ajali

Ni mama wa miaka 40 na kitu, muuza omena na mboga katika soko moja mjini Kisumu. Hutumia mkono wa kulia, lakini wa kushoto ndio unaoshika ukingo wa beseni kichwani kila alfajiri anapotoka stejini kwenda kibandani. Jambo hilo dogo liweke akilini, kwa maana ndilo lililoamua muda wa kupona kwake.

Alikuwa abiria kwenye boda boda, mvua imenyesha, na pikipiki ikateleza kwenye matope kando ya lami. Aliangukia bega la kushoto. Watu wengi hudhani mtulinga huvunjika mtu anapojikinga kwa kiganja. Hutokea, lakini mara nyingi zaidi ni bega lenyewe linalopigwa chini, na nguvu yote ikasafiri kwenye mfupa huo mwembamba uliolala kati ya bega na kidari. Huvunjikia sehemu ya katikati, kama ilivyokuwa kwake.

## Uamuzi wa siku ya kwanza

Kituo cha kwanza kilifanya kazi ya msingi vizuri. Daktari alipapasa mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono, akamwambia atanue vidole na kukunja ngumi, akauliza kama kuna ganzi, akasikiliza pande zote mbili za kifua. Haya si mazoea tu. Chini ya mtulinga hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inayoelekea mkononi, na ncha ya pafu haiko mbali. Ngozi juu ya mvunjiko ilikuwa imevimba na kubadilika rangi, ila haikusukumwa na ncha ya mfupa hadi kuwa nyeupe.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umekatika katikati. Kipande cha upande wa kidari kilikuwa kimepanda kidogo kwa sababu msuli wa shingo hukivuta juu. Kipande cha upande wa bega kilikuwa kimeshuka kwa uzito wa mkono, na ncha mbili zilipishana kwa karibu sentimita 1. Mvunjiko wa aina hii hutibiwa kwa kuutegemeza mkono na kungoja. Upasuaji wa kutia chuma hufikiriwa kama mfupa umetoboa ngozi au unakaribia kuitoboa, kama mishipa imeumia, au kama vipande vimeachana kabisa na bega limefupika kwa zaidi ya sentimita 2 hivi. Yeye hakuwa na hata moja kati ya hayo, kwa hiyo uamuzi wa slingi, yaani kuutundika mkono shingoni kwa kitambaa, ulikuwa sahihi.

Alipewa kitambaa cha pembetatu, parasetamoli, na karatasi iliyoandikwa: usitumie mkono, rudi baada ya wiki 6. Sentensi hiyo fupi nitairudia baadaye.

## Wiki ya pili: slingi na usingizi

Alipofika kwetu hakuja kwa ajili ya bega. Alikuja kwa sababu kiganja kilikuwa kimevimba na hakuwa amelala vizuri tangu ajali.

Slingi ndiyo iliyovimbisha kiganja. Ilikuwa imefungwa chini mno, kiwiko kikiwa wazi zaidi ya pembe mraba, na kitambaa kiliishia kabla ya kifundo, kwa hiyo mkono wa mbele ulishuka na kiganja kikaning'inia. Tena fundo lilikaa upande wa kushoto wa shingo, karibu na mfupa uliovunjika, na kamba ya sidiria ilipita juu yake hasa. Tulitumia leso yake mwenyewe, iliyokuwa pana kuliko kile kitambaa. Kiwiko kilikunjwa pembe mraba, kiganja kikakaa juu kidogo ya kiwiko, ukingo wa leso ukafika kwenye mizizi ya vidole, na fundo likahamishiwa bega la kulia na kuwekewa kitambaa laini chini yake. Sidiria ya kamba aliiacha kwa muda. Mgonjwa akifungwa slingi vizuri huonyesha mwenyewe: mabega hushuka, na anaacha kuushika mkono kwa mkono mwingine. Huyu alipumua kwa nguvu, akasema, "Kumbe!"

Binti yake aliuliza kwa nini hatumfungi ile bandeji ya umbo la nane inayovuta mabega nyuma, kwa kuwa jirani yao alifungwa hivyo zamani. Bandeji hiyo haiungi mfupa vizuri kuliko slingi, inaumiza zaidi, na ikikaza kwapani huleta ganzi mikononi. Katika joto la Kisumu hukwaruza ngozi vilevile. Hatukuitumia.

Usingizi ulihitaji muda mrefu zaidi. Mtu mwenye mtulinga uliovunjika akilala chali kwenye godoro tambarare, bega huanguka nyuma kuelekea kitanda na ncha za mfupa huvutana. Akilala ubavu mzima bila kitu mbele, mkono wenye jeraha humwangukia kifuani na kuvuta vilevile. Akilala upande ulioumia, hata hatuzungumzi. Dawa yake ni kulala nusu ameketi, mgongo umeinuka kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya pembe mraba. Mito mitano hospitalini si tatizo. Nyumbani kwake kulikuwa na mto mmoja, nao wa mtoto.

Basi tulitumia kiti. Kiti cha mbao cha kawaida hupinduliwa juu ya kitanda upande wa kichwa, ukingo wa kiti na ncha ya juu ya egemeo vikigusa kitanda, miguu ikitazama ukutani. Mgongo wa egemeo unakuwa mteremko. Juu yake hulazwa blanketi iliyokunjwa, kisha mto. Wauguzi wa zamani walikijua hiki kabla ya vitanda vya kuinuka. Kitu cha pili, ambacho watu husahau, ni nguo zilizokunjwa na kuwekwa chini ya mkono wa juu, kati ya kiwiko na kitanda, ili kiwiko kikae mbele kidogo ya ubavu na kisianguke nyuma. Kwa maoni yangu hilo la kiwiko linasaidia kuliko mteremko wenyewe. Slingi ilibaki usiku kucha.

Kuamka kitandani tulikufanyia mazoezi pale pale kliniki: anageukia upande wa kulia, anashusha miguu kwanza, kisha anajisukuma kwa mkono wa kulia. Kujivuta kwa mkono wa mtu mwingine huamsha misuli ya pande zote mbili za kifua, na ndiko kulikokuwa kukimliza kila asubuhi.

Kuhusu dawa, alikuwa akimeza parasetamoli asubuhi, mchana na alasiri, na usiku hakuna. Tulimwachia vidonge vile vile, viwili vya miligramu 500 kila mara, akiacha angalau saa 6 kati ya dozi na bila kuvuka vidonge 8 kwa saa 24. Dozi moja tu ilihamishiwa nusu saa kabla ya kulala. Usiku wa tatu alilala hadi karibu alfajiri.

## Alichoruhusiwa kufanya na mkono

Siku hiyo hiyo tulianza mazoezi, na hapa alishangaa kwa sababu karatasi ilisema asiutumie mkono. Vidole na kifundo vilipaswa kusogezwa tangu siku ya kwanza. Kiwiko kilipaswa kutolewa kwenye slingi mara kadhaa kwa siku, kinyoshwe chote na kukunjwa tena akiwa amekaa, mkono wa juu ukigusa ubavu. Kiwiko kikikaa kimekunjwa wiki 6 mfululizo, hukataa kunyoka.

Kisha tukamwonyesha kuuning'iniza mkono. Anasimama, anashika meza kwa mkono wa kulia, anainama mbele, anaacha wa kushoto uning'inie kwa uzito wake, halafu anauyumbisha taratibu kwa kusogeza kiuno, mbele na nyuma, kisha kwa miduara midogo. Msuli wa bega haufanyi kazi, kiungo kinasogea tu. Tulimwambia afanye hivyo anapooga, maana hiyo ndiyo njia pekee ya kuosha na kukausha kwapa bila kuinua mkono. Nguo ilikuwa magauni ya vifungo mbele au dera pana, mkono unaoumwa ukiingia kwanza na kutoka mwisho.

Mpaka uliwekwa kwenye urefu wa bega. Hadi wiki ya 6 asiinue kiwiko juu ya hapo, hata kwa msaada. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa ukamilifu, kwa kuwa wagonjwa wengi huambiwa mpaka bila sababu na kwa hiyo hawauheshimu. Mkono unapopanda hadi usawa wa bega, kazi kubwa hufanywa na kiungo cha bega chenyewe, na mtulinga hupanda kidogo tu. Ukivuka hapo, mfupa bapa wa nyuma ya bega hugeuka zaidi, na kano zinazoufunga na mtulinga hukaza na kuuzungusha mtulinga juu ya mhimili wake. Upande wa kidari umeshikwa, upande wa bega unazungushwa. Mfupa hupotoshwa kama nguo inayokamuliwa. Ukiwa umekatika katikati, mpotosho huo unaishia kwenye mvunjiko. Ndiyo maana mkono unaweza kuyumba wiki ya pili bila madhara, na ukaumia wiki ya nne kwa kuanika nguo kwenye kamba ya juu.

Uzito nao tuliuwekea kikomo: kikombe cha chai, hicho tu, hadi wiki ya 6. Alikubali yote.

## Wiki ya nne: beseni

Mwanzoni mwa wiki ya nne maumivu yalikuwa yamekwisha karibu kabisa. Kipindi hiki ndicho cha hatari. Mwili umeshazungushia mvunjiko ute mgumu wa mfupa mchanga, unaotosha kuzuia ncha zisisuguane, kwa hiyo hakuna kinachouma, lakini haujawa na nguvu ya kubeba. Maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata wiki nyingi baadaye.

Deni la chama lilikuwa linamsubiri. Alivua slingi, akaenda sokoni, na kijana wa mkokoteni alipochelewa akajitwika beseni lisilojaa. Mkono wa kushoto ukapanda kushika ukingo, juu ya bega kabisa, na uzito juu yake. Alisikia kitu kama kijiti kikikwaruza, na usiku ule bega likavimba.

Alirudi siku ya pili. Ngozi ilikuwa salama, vidole havikuwa na ganzi. Picha mpya ilionyesha ncha zimeachana kidogo zaidi ya mwanzo, lakini bado zinagusana, na bado hapakuwa na sababu ya upasuaji. Daktari na mimi tulikubaliana: slingi muda wote kwa wiki 2 nyingine, lakini kuning'iniza mkono na kunyosha kiwiko kuendelee, kwa sababu havikuwa vimehusika na tatizo. Tulimweleza hivyo.

Nyumbani lilieleweka vingine. Ndugu walikaa, wakahesabu: alipewa mazoezi, kisha mfupa ukateguka tena, basi mazoezi ndiyo yaliyouharibu. Mkono ukafungwa kwa leso mbili, moja ikizunguka kiwiliwili. Shangazi alipendekeza mkandaji. Mgonjwa alikataa, na alifanya vizuri, kwa kuwa kuukanda mvunjiko ambao haujashika ni kuupasua kila siku. Hatukumwona tena hadi wiki ya 8.

## Wiki ya nane: mfupa umeshika, bega limekakamaa

Kuna njia tatu rahisi za kujua mtulinga umeungana, na zote hutangulia eksirei. Ukibonyeza mahali pa mvunjiko kwa kidole, hapaumi. Ukishika vipande na kuvisukuma taratibu, vinasogea pamoja. Na mgonjwa akiusogeza mkono ndani ya mpaka wake, mvunjiko hauumi. Picha inaweza bado kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa. Mstari peke yake si sababu ya kurudisha slingi. Kwake zote tatu zilikuwa sawa, na picha ilionyesha daraja la mfupa mpya.

Lakini bega lilikuwa limekwama. Aliinua mkono mbele hadi karibu usawa wa kifua, na nilipojaribu kuupandisha mimi mwenyewe uligoma pale pale. Hiyo ndiyo tofauti ya kuangalia. Mkono ukiwa dhaifu tu, mtu mwingine anaweza kuupandisha. Ukiwa umekakamaa, hata mtu mwingine hawezi. Kugeuza mkono nje, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, kulikuwa kumepungua hadi karibu nusu ya upande wa kulia. Tulipima sukari kwenye damu kwa kuwa kisukari hukakamaza mabega. Ilikuwa ya kawaida. Kilichobaki kuelezea ni wiki 4 za kufungwa, katika umri ambao bega halisamehe.

Sasa ruhusa ya kuvuka usawa wa bega ilikuwepo, kwa sababu mfupa ulikuwa umeshika. Tulianza akiwa amelala chali, ameshika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili, wa kulia ukiupeleka wa kushoto nyuma ya kichwa kadiri unavyokubali. Kulala chali hupunguza uzito ambao msuli dhaifu unapaswa kuupandisha. Baadaye alisimama akiutazama ukuta na kupandisha vidole polepole, akiweka alama ya makaa mahali vilipofika. Binti yake ndiye aliyesimamia alama. Kipimo cha maumivu kilikuwa hiki: kuvuta na kuuma kidogo wakati wa zoezi kunaruhusiwa, mradi kutulie ndani ya saa moja hivi; ukiuma usiku kucha, kesho punguza.

## Matokeo

Wiki ya 12 aliweza kufikia kamba ya kuanikia nguo. Hapo ndipo tulipoanza uzito, kwanza chupa ya maji ya lita moja, kisha ndoo isiyojaa ikibebwa chini kwa mkono, na beseni la kichwani likawekwa mwisho kabisa kwa kuwa linaunganisha vyote viwili vilivyomuumiza: mkono juu na mzigo. Alilirudia mwezi wa 5. Kama bega lisingekakamaa, mtu wa kazi yake angetarajiwa kufika hapo karibu mwezi wa 3 hadi wa 4.

Kuna kinundu juu ya mfupa kinachoonekana akivaa shingo pana. Kitapungua kwa miezi, pengine hakitaisha. Kulala ubavu wa kushoto usiku mzima bado kunamsumbua.

## Uchambuzi

Matibabu yenyewe hayakukosewa. Slingi ilitosha, na hata baada ya beseni uamuzi wa kutomkimbizia kwenye chuma ulikuwa sahihi. Kilichofanya kazi vizuri zaidi, kwa gharama ya sifuri, ni kiti kilichopinduliwa, nguo zilizokunjwa chini ya mkono na dozi iliyohamishwa. Mgonjwa asiyelala huivua slingi usiku, hujigeuza hovyo, na asubuhi hana nguvu ya zoezi lolote.

Palipoteleza ni kwenye maneno. "Usitumie mkono" ilibeba makatazo mawili yenye kalenda tofauti kabisa. Kusogeza huanza mapema: vidole, kifundo na kiwiko siku ya kwanza, kuning'iniza bega maumivu yakishapungua, kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, na kuvuka usawa wa bega karibu wiki ya 6 baada ya kubonyeza mfupa. Kubeba huchelewa: kikombe hadi wiki ya 6, kisha kidogo kidogo, na mizigo mizito au michezo ya kugongana karibu wiki ya 12. Kwa vile vyote vilifungwa ndani ya sentensi moja, maumivu yalipoisha alivunja vyote kwa pamoja, na alipoogopa akavifunga vyote kwa pamoja. Mara ya kwanza mfupa uliumia, mara ya pili bega.

Na "wiki 6" iliyokuwa tarehe ya kliniki ilisomwa kama tarehe ya kufunguliwa mkono. Wiki 6 ni muda wa kukagua. Mtoto anaweza kuwa ameunga kwa wiki 3 au 4. Mtu mzima anayevuta sigara anaweza kufika wiki ya 12 akiwa bado anauma ukimbonyeza, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifupa. Mvunjiko wa katikati ambao vipande vyake vimeachana kabisa hushindwa kuunga kwa karibu watu 15 katika kila 100 wasiofanyiwa upasuaji, kwa hiyo maumivu au mkwaruzo unaoendelea wakati huo si wa kupuuzwa.

Jambo jingine ni kazi ya mgonjwa. Swali la kuuliza siku ya kwanza ni kazi yake inaupeleka mkono wapi, na ni lini deni litamlazimisha kurudi. Tungejua la chama, tungempangia kijana wa mkokoteni tangu mapema, au binti achukue zamu ya alfajiri. Sasa karatasi yetu ya kuondokea ina safu mbili, moja ya kusogeza na moja ya kubeba, na huwa tunaisoma mbele ya yule ndugu ambaye ndiye atakayetoa ushauri nyumbani.

Ratiba hii ni ya mvunjiko wa katikati uliotibiwa kwa slingi. Mfupa ukivunjikia kwenye ncha ya bega, kano zile zile zinazouzungusha zinaweza kuwa zimekatika, na uamuzi wa lini mkono uinuliwe ni wa daktari wa mifupa baada ya kuona picha. Aliyetiwa chuma naye hufuata maagizo ya aliyemfanyia upasuaji.